Pumu ya mazoezi kwa wakimbiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi mwenyewe nakimbia na pumu, na jioni nafundisha kikundi kidogo cha wakimbiaji. Maswali haya huwa naulizwa pembeni ya uwanja, muulizaji akiwa bado ameshika magoti na kukohoa. Mengi yanajibika ukianza kuangalia saa, kwa hiyo humu nitakurudisha kwenye saa mara nyingi.

Mbona kifua kinanibana nikishasimama, wakati nikiwa nakimbia niko sawa?

Kwa sababu pumu ya mazoezi ndivyo ilivyo. Wengi hudhani ugonjwa wa kifua ungewakamata katikati ya raundi ngumu. Lakini ukiwa mbioni mwili unamwaga adrenalini, na zile pumzi ndefu unazovuta zinaipanua mirija ya hewa, hivyo inabaki wazi. Ukisimama, kinga hizo mbili zinaondoka, na mirija inaanza kujikaza.

Kwa kawaida kubanwa kunafika kileleni kati ya dakika 5 na 15 baada ya kusimama, kisha kunalegea chenyewe. Ndani ya nusu saa hadi saa moja wengi wanakuwa wamerudi walivyokuwa. Kinachokianzisha mara nyingi ni dakika 6 hadi 8 za kukimbia kwa nguvu. Ndiyo maana mkimbiaji wa mita 100 anaweza asijue kabisa kwamba ana tatizo hili, na wa mita 3000 akalijua kila wiki. Kwenye mbio ndefu sana kubanwa kunaweza kuanza ukiwa bado njiani, hasa pale unapopunguza kasi baada ya kipande kigumu.

Ndani ya kifua kunatokea nini hasa?

Mtu aliyetulia anapitisha hewa lita 6 hadi 8 hivi kwa dakika. Mkimbiaji anayejituma anaweza kupita lita 100. Pua, ambayo kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuilowanisha, haiuwezi mzigo huo, kwa hiyo unafungua mdomo. Hewa kavu inashuka moja kwa moja mpaka kwenye mirija midogo na kufyonza maji ya utando ulioifunika. Maji yakipungua, chumvi ya pale juu ya utando inakolea. Seli za mzio zilizo jirani zinashtuka na kumwaga kemikali kama histamini na lukotrini, na kemikali hizo ndizo zinazoibana misuli iliyozunguka mirija.

Kwa hiyo adui ni ukavu kuliko juhudi yenyewe. Ukilishika hilo, mengine yanaeleweka yenyewe: kwa nini asubuhi ya baridi kali inakukohoza kuliko alasiri yenye unyevunyevu, na kwa nini mwendo uleule unakushinda siku ya vumbi, chavua au moshi wa magari. Baridi inahusika kwa sababu hewa ya baridi hubeba mvuke mdogo sana.

Nitajuaje kama ni pumu, au ni kwamba sina mazoezi ya kutosha?

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Kikundini nilikuwa na kijana wa mita 5000 aliyekuwa akikohoa kila Jumanne baada ya vipande vya mita 800. Kikohozi kikavu, cha kurudiarudia, kama mtu aliyepaliwa na unga. Nikamwambia hana pumzi, aongeze kilomita. Akaongeza. Msimu mzima kilomita zilipanda na kikohozi kikabaki palepale, mpaka siku moja mama yake akaniuliza mbona mwanawe anakohoa hata baada ya kuoga. Ndipo nilipoanza kuweka saa. Kikohozi kilikuwa kikianza kama dakika 6 baada ya kipande cha mwisho, kila mara.

Mtu aliyekosa mazoezi anahema sana, lakini akisimama, hali inazidi kuwa nzuri dakika baada ya dakika. Ukimuuliza baada ya dakika 5 anakujibu sentensi nzima. Mwenye pumu ya mazoezi anakwenda kinyume: anasimama akiwa na nafuu, halafu dakika zinavyosonga ndivyo anavyozidi kubanwa. Anakohoa, kifua kinakuwa kizito kama kimefungwa mkanda, na akitoa pumzi pengine unasikia miluzi. Wengine hawana miluzi hata kidogo, wana kikohozi tu, na hao ndio wanaopotea miaka wakinywa dawa za mafua.

Yule kijana tulimpima kwa kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaosogea ukipuliza kwa nguvu. Tulifanya hivyo kwa ushauri wa daktari, na inhela ikiwa karibu. Kabla ya kukimbia alipuliza mara tatu, tukachukua kubwa kuliko zote: lita 480 kwa dakika. Akakimbia dakika 8 kwa nguvu bila kupasha mwili moto. Aliposimama tu alipuliza 490, yaani juu kuliko mwanzo! Kama tungeishia hapo tungesema mzima. Dakika ya 5 ikawa 420, ya 10 ikawa 395, ya 15 ikapanda kidogo mpaka 410, na baada ya nusu saa 455.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa 395 kwenye 480, unapata 85. Gawanya 85 kwa 480, ni karibu asilimia 18. Kwa kipima pumzi cha mkononi, kushuka kwa asilimia 15 au zaidi kunatosha kukupeleka kwa daktari na karatasi yako mkononi. Hakitoshi kusema una pumu, kwa sababu kifaa hiki kinategemea sana umepuliza kwa bidii gani, na mkimbiaji aliyechoka hupuliza kivivu.

Usijipime hivi peke yako. Na kama umewahi kulazwa kwa sababu ya pumu, usijaribu kabisa nje ya hospitali.

Mimi mlio unatokea kooni, nikivuta hewa, na inhela hainisaidii. Ni pumu gani hiyo?

Huenda si pumu. Kuna hali ambayo zoloto, pale kwenye nyuzi za sauti, linajifunga wakati lingetakiwa kufunguka. Linawapata zaidi vijana, wasichana hasa, na wengi wao wana bidii kuliko wenzao wote.

Tena saa ndiyo inayokutenganishia. Tatizo la zoloto linakuja katikati ya juhudi kubwa, pale mita 200 za mwisho, na linaondoka dakika chache baada ya kusimama. Mlio wake ni wakati wa kuvuta hewa ndani, na ukiulizwa panapobana unashika shingo. Pumu inakuja baadaye, inakaa, miluzi yake ni zaidi wakati wa kutoa pumzi, na ukiulizwa panapobana unashika kifua.

Inawezekana kuwa na yote mawili, na hapo ndipo watu wanapoongezewa dawa ya pumu juu ya dawa bila nafuu. Mwombe mwenzako akurekodi video kwa simu ukiwa umebanwa, sauti isikike vizuri. Sekunde 20 za video zinaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo yako ya nusu saa. Tiba ya zoloto kwa kiasi kikubwa ni mazoezi ya kupumua yanayofundishwa na mtaalamu wa sauti au wa viungo.

Kupasha mwili moto kunasaidiaje? Si nitabanwa mapema zaidi?

Mirija ya hewa ikishabanwa kidogo mara moja, kwa karibu nusu ya wenye pumu ya mazoezi inafuata nafasi ya saa moja hadi tatu ambamo haibani tena kwa nguvu ileile. Ni kama vile kemikali zile zimeshatumika na mwili haujakusanya nyingine. Kupasha mwili vizuri ni kuichokoza mirija kwa makusudi, kwa vipimo vidogo, ili mbio zenyewe zikukute ndani ya nafasi hiyo.

Ndiyo maana kutembeatembea na kunyoosha misuli hakutoshi. Kunyoosha kunaifaa misuli ya miguu, lakini mirija haijui hata kama kuna mbio. Na kukimbia dakika 8 mfululizo kwa nguvu ndiyo dawa ya kuleta shambulio lenyewe. Kinachofaa zaidi ni vipande vifupi vya kasi vyenye mapumziko, kwa sababu vinaipandisha pumzi na kuishusha kabla utando haujakauka sana.

Tuchukue mbio zinazoanza saa 3 kamili asubuhi. Saa 2 na dakika 5, kama daktari amekuandikia inhela ya kabla ya mazoezi, unavuta. Saa 2 na dakika 20 unaanza kukimbia polepole kwa dakika 10, kasi ambayo bado unaweza kupiga soga. Saa 2 na nusu unaanza vipande: sekunde 30 kwa kasi ya juu, lakini si ya kufa na kupona, kisha sekunde 60 za kutembea au kujikokota. Rudia mara 8. Hapo inakuwa saa 2 na dakika 42. Muda uliobaki vaa fulana ya juu, tembea, ruka kidogo, usikae chini kwenye baridi. Kwa kuwa nafasi ile inadumu saa moja au zaidi, hata mbio zikichelewa robo saa hujapoteza kitu.

Kwa watu wangu nimeona makosa mawili yakijirudia. La kwanza ni kufanya kipande cha kwanza kwa kasi kuliko vyote, kwa sababu ya msisimko. Kianze kwa asilimia 70 hivi ya nguvu zako, vya mwisho ndivyo viwe vikali. La pili ni kufanya vipande viwili, kuhisi kikohozi kidogo na kuacha, kisha kuingia mbioni. Kikohozi kidogo kinachopita ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Lakini kama kifua kinabana na hakilegei ukitembea dakika mbili tatu, simama, tumia inhela yako, na usikimbie siku hiyo mpaka kilegee kabisa.

Nusu nyingine ya watu hawaipati nafasi hii hata wakijipasha vipi. Ukijaribu kwa wiki tatu au nne na daftari lako la mazoezi halionyeshi tofauti, haina maana kwamba unakosea. Unaihitaji dawa zaidi kuliko mwenzako, basi.

Siku za baridi funika mdomo na pua kwa kitambaa chepesi. Kinanasa unyevu wa pumzi yako inayotoka na kuurudisha unapovuta. Kinaudhi, kinalowa, lakini kinafanya kazi. Baada ya mbio punguza mwendo taratibu kwa dakika 10 badala ya kujitupa chini. Faida yake haina uthibitisho wa nguvu kama ya vile vipande, ila haikugharimu kitu.

Inhela ya bluu niivute lini, na mara ngapi?

Ile ya salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa ya bluu, kawaida huandikwa mivuto 2 ya maikrogramu 100 kila mmoja, kama dakika 15 kabla ya mazoezi. Kinga yake ni ya saa 2 hadi 4. Itikise, toa pumzi yote, weka mdomoni, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole na kwa kina, kisha shikilia pumzi hadi sekunde 10. Subiri nusu dakika, rudia. Ukihisi dawa yote imeishia ulimini na ladha chungu, umevuta kwa haraka. Ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, spesa, inalimaliza tatizo hilo karibu lote.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukiitumia kila siku, kinga yake inapungua. Mirija inaizoea. Muda inaokulinda unafupika, na siku ukibanwa kweli inachelewa kukufungua. Mtu anayekimbia mara 5 kwa wiki na kuvuta ya bluu kila mara anahitaji kurudi kwa daktari aandikiwe dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, yaani steroidi ya kuvuta. Hiyo haikufungui papo hapo. Inachukua wiki kadhaa za matumizi ya kila siku, na wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Ndivyo nilivyofanya mimi nilipopewa mara ya kwanza. Siku hizi kuna pia inhela zinazochanganya steroidi na dawa ya kufungua mirija, na miongozo ya sasa ya pumu inazipendelea kuliko kutegemea ya bluu peke yake.

Na usiazime inhela ya mwenzako kujipima. Ikikusaidia haithibitishi pumu, isipokusaidia haiikanushi, na wewe umeshameza dawa usiyoandikiwa.

Niende kwa daktari lini, na atanifanyia nini?

Nenda kikohozi au kubanwa kukirudi mazoezi matatu au manne yenye mfanano. Nenda mapema zaidi kama unaamka usiku ukikohoa, kama unabanwa hata ukipanda ngazi, au kama inhela uliyonayo inahitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki nje ya ile ya kabla ya mazoezi. Hizo ni dalili kwamba pumu ipo muda wote na mazoezi yanaifichua tu.

Daktari mzuri atakupima kwa kukupulizisha kwenye mashine ya spirometria. Tatizo ni kwamba ukiwa umetulia matokeo yanaweza kuwa safi kabisa, na wapo wanaorudishwa nyumbani hapo. Kipimo chenyewe cha pumu ya mazoezi ni kukimbia kwenye mashine dakika 6 hadi 8, moyo ukiwa kwenye asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake, kisha kupuliza tena mara kadhaa ndani ya nusu saa. Hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, jibu limepatikana. Nenda na daftari lako: ulikimbia nini, hali ya hewa, kikohozi kilianza dakika ya ngapi, kiliisha lini.

Mtajie na dawa zote unazokunywa. Wakimbiaji wana tabia ya kumeza aspirini au ibuprofeni kabla ya mbio ili magoti yasiume, na baadhi ya wenye pumu hubanwa vibaya na dawa hizo. Zipo pia dawa za presha na za moyo zinazozuia adrenalini, nazo zinabana mirija.

Kuna mambo ambayo si ya kusubiri miadi. Maumivu ya kifua yanayokuja na juhudi, kuzimia ukiwa mbioni, au mapigo ya moyo yanayoruka ovyo, hayo yanahusu moyo mpaka ithibitike vinginevyo, na usikimbie tena kabla hujaonwa. Kubanwa kunakoambatana na vipele vinavyowasha, midomo au uso kuvimba, au kutapika ni mzio mkali, na hiyo ni dharura ya saa ileile.

Mwenzangu amebanwa njiani. Nifanye nini?

Mketishe wima, ameinama mbele kidogo, mikono magotini. Usimlaze. Mpe inhela yake ya bluu, kwa spesa ikiwepo: mvuto mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mivuto 10. Muulize jina la mtaa anaoishi na anavyofika huko. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, akianza kusinzia, au mivuto 10 ikiisha bila nafuu, aende hospitali kwa usafiri wa haraka kuliko wote uliopo, na aendelee kuvuta njiani.

Kifua kilichokuwa kikipiga miluzi kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, usidhani amepona. Hewa imekuwa kidogo mno kutoa sauti.

Mwenye pumu anaweza kushindana? Na dawa zenyewe zinaruhusiwa?

Paula Radcliffe aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake, saa 2:15:25 aliyoiweka mwaka 2003, alikimbia na pumu ya mazoezi.

Kuhusu dawa, kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinaruhusu salbutamoli ya kuvuta isiyozidi maikrogramu 1600 kwa saa 24, wala 600 kwa saa 8 zozote. Mivuto 2 ya kabla ya mbio ni 200, kwa hiyo uko mbali na mstari. Steroidi ya kuvuta kwa kipimo alichoandika daktari haina shida. Vidonge au sindano za steroidi ni habari nyingine, na terbutalini inahitaji kibali hata ikiwa ya kuvuta. Kama unashindana ngazi ya kupimwa, angalia orodha ya mwaka husika, kwa kuwa hubadilishwa kila Januari.

Inhela niiweke wapi nikikimbia?

Mfukoni mwa nyuma ya kaptula wenye zipu, au kwenye mkanda wa kiunoni. Kifuniko chake kiwe kimefungwa. Mwenzetu mmoja aliiweka mfukoni wazi, siku alipoihitaji akavuta uzi wa mfuko pamoja na dawa.